Cheti cha tabia njema kinasema nini, na kinanyamazia nini

Swali: "Naendesha shule ndogo ya chekechea pamoja na kituo cha kulelea watoto huko Kisauni, Mombasa. Mwezi ujao nataka kuajiri mwalimu mmoja na mlezi mmoja. Mlezi ameleta cheti cha tabia njema kinachoonyesha hana rekodi yoyote. Mwalimu, ambaye kila mtu anamsifu, cheti chake kimekwama wiki ya saba sasa tangu achukuliwe alama za vidole, na amenieleza mwenyewe kwamba mwaka 2017 alishtakiwa kwa kumpiga jirani na kesi ikaondolewa. Je, nimkatae huyu nimchukue yule? Na hiyo karatasi inarekodi nini hasa?"

Mwenye shule, usimkatae mwalimu kwa sababu cheti chake kimekwama, na usimchukue mlezi kwa sababu tu chake kimetoka. Katika miaka niliyofanya kazi ya kuwashauri wenye shule kuhusu uajiri na ulinzi wa watoto, nimeona vyeti safi mikononi mwa watu ambao hawakustahili kukaribia darasa, na nimeona watu wasio na hatia wakipoteza kazi kwa sababu ya faili ambalo hakuna aliyekumbuka kulifunga. Ili uelewe namna mambo hayo mawili yanavyotokea, inafaa tuanze na jinsi cheti chenyewe kinavyopatikana.

Mwombaji huingia kwenye eCitizen, hujaza maelezo yake, hulipa shilingi 1,050, kisha huchapisha fomu ya C24 pande zote mbili za karatasi moja. Fomu hiyo huenda nayo, pamoja na kitambulisho, kwenye kituo cha Huduma, au kwenye ofisi ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ambayo makao yake makuu yako Barabara ya Kiambu, Nairobi. Hapo hupakwa wino vidole vyote kumi, na kila kidole hubingirishwa kwenye karatasi kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi ukingo wa pili, kisha vidole hupigwa tena vikiwa vimelala bapa. Baada ya hapo kazi inakuwa ya mtaalamu wa alama za vidole, ambaye huzilinganisha alama hizo na zile zilizohifadhiwa za watu waliowahi kuchukuliwa alama polisi waliposhtakiwa. Kwa hiyo swali linaloulizwa ni moja tu, nalo ni dogo kuliko watu wengi wanavyodhani: je, vidole hivi vimo katika kumbukumbu zetu za jinai, na kama vimo, kesi ile iliishaje? Hakuna anayepiga simu kwa mwajiri wa zamani, hakuna anayeuliza mtaani, na hakuna anayepekua kitabu cha matukio cha kituo cha polisi kuona kama jina limewahi kutajwa katika malalamiko.

Nguvu ya utaratibu huu ni kwamba haudanganywi na jina. Mtu akibadilisha jina, au akiwa na jina moja na watu mia mbili wa Pwani, vidole vyake havibadiliki. Hilo si jambo dogo. Huko Uingereza, mwaka 2001, mwanamume mmoja aliajiriwa kuwa mtunzaji wa majengo ya shule katika mji wa Soham akitumia jina tofauti na lile ambalo polisi wa eneo alikotoka walimjua nalo, na kumbukumbu zikatafutwa kwa jina hilo jipya. Mwezi wa Agosti 2002 aliwaua wasichana wawili. Lakini uchunguzi rasmi wa mkasa huo ulioongozwa na Bichard, uliotoa ripoti mwaka 2004, ulionyesha jambo la pili ambalo linatuhusu zaidi: kati ya 1995 na 1999 mtu huyo alikuwa amelalamikiwa mara kadhaa kwa makosa ya kingono, wala hakuwahi kupatikana na hatia hata mara moja. Hata kama jina lake lote lingetafutwa, cheti kinachoonyesha hukumu pekee kisingekuwa na la kusema. Ndiyo maana Waingereza leo, kwa anayefanya kazi na watoto, huangalia pia taarifa zilizoko polisi ambazo hazikufikia hukumu, pamoja na orodha ya watu waliopigwa marufuku kufanya kazi na watoto. Cheti chetu cha Kenya kina vidole, lakini hakina sehemu hizo mbili za nyongeza.

Sasa tutazame rekodi inavyozaliwa, kwa kuwa hapo ndipo mkwamo wa mwalimu wako unapoeleweka. Mtu anapokamatwa kwa kosa la jinai na kufunguliwa mashtaka, polisi humchukua alama za vidole, na fomu yake hupelekwa kwenye ofisi ya kumbukumbu za jinai. Kwa hatua hiyo rekodi imeshafunguliwa kabla ya hakimu kusema neno lolote. Kesi ikiisha, afisa wa upelelezi anapaswa kurudisha matokeo ili yaandikwe kwenye rekodi ile: amepatikana na hatia, ameachiliwa, au mashtaka yameondolewa. Kupatikana na hatia huwa hakusahauliki sana. Kuachiliwa ndiko kunakosahaulika, hasa afisa aliyeshika faili akiwa amehamishwa au amestaafu, na hivyo rekodi hubaki wazi kana kwamba kesi bado inaendelea. Miaka ikapita, mtu akaomba cheti, vidole vikagonga rekodi ile, na ombi likasimama.

Mwalimu wako, ikiwa maneno yake ni ya kweli, yumo katika hali hiyo. Hata hivyo usikimbilie kudhani kwamba mkwamo wowote ni kesi. Mara nyingi fomu hurudishwa kwa sababu alama hazisomeki, na wanaoathirika zaidi ni watu wanaofanya kazi kwa mikono: mpishi, mfuaji, fundi wa saruji. Ngozi yao imelika, mistari imefifia, wino unaganda pale pasipo na mistari. Hao huchukuliwa alama upya, wakiwa wamenawa kwa sabuni na kukauka vizuri, na jambo linaisha. Njia ya kujua ni moja: mwambie mwombaji afungue akaunti yake ya eCitizen mbele yako mwone pamoja ombi limefikia wapi, na kama hali haielezeki, aende mwenyewe DCI akaulize.

Tuseme imethibitika kwamba ni ile kesi ya 2017. Unachotakiwa kumwomba ni nakala ya amri ya mahakama iliyothibitishwa na masijala, si maelezo yake wala barua ya wakili. Akienda na namba ya kesi kwenye mahakama iliyosikiliza shauri, ataipata. Ukishaipata, isome, kwa maana neno "kuondolewa" watu hulitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. Kama kiongozi wa mashtaka aliiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, basi ameachiliwa tu, na kisheria anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Kama mahakama iliona chini ya kifungu cha 210 kwamba hana kesi ya kujibu, au ilimwachilia chini ya 215 baada ya kusikiliza pande zote, huko ni kufutiwa mashtaka kikamilifu. Na kama yeye na jirani walipatana, amri inaweza kutaja kifungu cha 176, ambacho kinaruhusu mahakama kusaidia mapatano katika makosa madogo ya kushambulia. Kwa ugomvi wa majirani, hili la tatu ndilo ningelitarajia.

Amri hiyo hiyo ndiyo inayofungua mkwamo. Mwalimu aipeleke kwa kituo cha polisi kilichomshtaki na kwa DCI, aombe rekodi yake iandikwe matokeo. Huchukua muda, na huchosha, kwa maana kituo humtuma mahakamani na mahakama humrudisha kituoni. Nimemsindikiza mama mmoja mpishi wa shule kwa miezi minne kwa kesi iliyokuwa imefutwa miaka tisa nyuma. Faili la polisi halikuonekana kabisa, na aliyemwokoa ni karani wa masijala aliyelipata daftari la kesi la mwaka ule. Wewe kama mwajiri unaweza kumpa barua ya kazi yenye sharti na tarehe, ukimwambia kwamba nafasi ni yake mradi cheti au jibu la maandishi lipatikane kufikia siku fulani, na kwa wakati huo asiachwe peke yake na watoto. Kosa la kumpiga jirani mtu mzima, lililomalizwa kwa mapatano, kwangu si sababu ya kumnyima mtu ualimu.

Ningekuwa na jibu tofauti kama shtaka lingekuwa linahusu mtoto. Kesi za kunajisi watoto huondolewa pia, na sisi sote wa Pwani tunajua kwa nini: wazee wameketi, familia mbili zimefanya maslaha, mlalamishi haonekani tena mahakamani. Kuondolewa kwa namna hiyo hakumaanishi kwamba mtu alionekana hana hatia, wala hakumaanishi kwamba alitenda. Kunamaanisha kwamba hakuna aliyesikiliza ushahidi. Mbele ya amri ya aina hiyo ningeomba mwenendo wote wa kesi, ningemsikiliza mwombaji, na mpaka niwe nimeridhika nisingemweka na watoto hata kwa siku moja ya majaribio.

Pale rekodi inapoonyesha hukumu, isome pia kwa makini. Huonyesha kosa na kifungu, mahakama, tarehe na adhabu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu chenyewe kinakueleza mengi: 8(2) ni unajisi wa mtoto wa miaka 11 au chini yake, 8(3) ni wa miaka 12 hadi 15, na 8(4) ni wa miaka 16 hadi 18. Kifungu cha 11 ni kitendo cha aibu na mtoto, na mara kwa mara ndicho kinachobaki pale shtaka zito zaidi linaposhindwa kuthibitishwa, kwa hiyo usilione kuwa kosa jepesi. Kifungu cha 24 kinamtaja mwalimu na mfanyakazi wa shule anayetumia nafasi yake kumwingilia mwanafunzi, na adhabu yake haipungui miaka 10. Kwa upande wa pili, faini ya kuuza barabarani bila leseni ya kaunti ni jambo ambalo mara nyingi mtu hulipa bila hata kuchukuliwa alama, na hata likionekana halihusiani na watoto.

Nigeukie cheti cha mlezi, ambacho ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi kwa sababu wewe umekiamini. Kwanza hakikisha ni cha kweli. Nakala ya karatasi inayoletwa mkononi, au picha inayotumwa kwa WhatsApp, hubadilishwa jina na tarehe kwa dakika tano na kijana yeyote wa duka la kompyuta. Mwambie aingie kwenye akaunti yake na akipakue tena mbele yako, kisha ulinganishe namba ya kitambulisho, namba ya kumbukumbu na tarehe. Anayesita bila sababu amekujibu. Pili, angalia tarehe. Cheti kinahesabika hadi siku kilipotolewa, si baada ya hapo, na ndiyo maana waajiri wengi hukiona kimechakaa baada ya mwaka mmoja. Mfanyakazi uliyemwajiri 2021 na hujamwomba kingine tangu hapo, kwa kadiri ya karatasi, hujui lolote kumhusu. Tatu, kinahusu Kenya peke yake. Kama mlezi ameishi Tanga au Kampala akiwa mtu mzima, kumbukumbu za huko ziko kwa polisi wa huko, naye anapaswa kuomba cheti cha nchi hiyo. Uganda hutolewa na kitengo cha Interpol cha polisi, na Tanzania na Jeshi la Polisi. Shule za Pwani zinazochukua walimu wa dini kutoka ng'ambo ya mpaka hulisahau jambo hili kila mwaka.

Halafu kuna kile ambacho cheti hakiwezi kukibeba hata kikiwa cha kweli na cha jana. Mwalimu anayemdhulumu mwanafunzi na jambo lisifike mahakamani hana rekodi ya vidole. Anaweza kuwa amesimamishwa, ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, na kufutwa kwenye sajili, huku cheti chake cha DCI kikiwa safi kama sahani. Hakuna uongo hapo. Tume haihitaji kuthibitisha jambo kwa kiwango kinachotakiwa katika kesi ya jinai, kwa hiyo inawezekana kabisa mtu aachiliwe na mahakama na bado aondolewe kwenye ualimu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi ya Nakuru waliodhulumiwa na naibu wa mwalimu mkuu, iliiwajibisha Tume na serikali, na jaji alisema wazi kwamba haitoshi kuwahamisha walimu wa aina hiyo kutoka shule moja kwenda nyingine. Mtindo huo wa kuhamisha ndio uliofanya vyeti viwe safi kwa miaka mingi: jambo lilimalizwa ofisini, na ofisini hakuna wino wa vidole.

Kwa mwalimu wako, basi, hatua ya lazima ni namba ya TSC. Sheria ya Tume ya mwaka 2012 inamkataza mtu asiyesajiliwa kufundisha, hata katika shule ya binafsi, na walimu wa chekechea nao husajiliwa. Thibitisha usajili wake kwenye tovuti ya Tume, kisha utazame orodha ya waliofutwa ambayo Tume huichapisha, ukilinganisha namba na si jina tu. Nikilazimishwa kuchagua karatasi moja kati ya cheti cha DCI na hali ya usajili wa TSC, kwa mwalimu ningechagua usajili, kwa sababu huko ndiko mambo ya darasani yanakoandikwa.

Mlezi hana sajili ya namna hiyo, na hapo ndipo udhaifu mkubwa ulipo. Mtu anayewabadilisha nepi watoto wa miaka miwili anapita kwenye chujio hafifu kuliko la mwalimu wa hesabu. Atakuletea cheti cha huduma kutoka kwa mwajiri wa zamani, lakini kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ataje mambo ya msingi tu, kama vile jina, aina ya kazi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha. Hakimlazimishi kusema lolote kuhusu tabia. Kwa hiyo usikisome kama sifa. Kisome kama kalenda. Panga tarehe zote kwenye karatasi moja uone mapengo, na uone pia kazi zilizoisha katikati ya muhula, kwa kuwa watu wanaofanya kazi na watoto huondoka kwa kawaida mwisho wa muhula au mwisho wa mwaka.

Kisha piga simu. Usipige namba aliyokupa mlezi. Itafute mwenyewe namba ya shule au kituo kile, uombe kuongea na msimamizi. Ukiuliza "alikuwa mtu mzuri?" utajibiwa kwamba alikuwa mzuri, maana sisi hatupendi kumharibia mtu riziki. Uliza mambo ambayo yana jibu: alianza lini na aliacha lini, nani alimwomba aondoke au aliondoka mwenyewe, je, kuliwahi kuwa na malalamiko ya mzazi yaliyomhusu, na je, ungempa tena kazi ya kukaa peke yake na watoto. Swali hili la mwisho ndilo ninalolisikiliza zaidi. Siku moja msimamizi wa kituo alinijibu maswali yote kwa uchangamfu, na nilipofika hapo akanyamaza, akasema, "Labda jikoni." Cheti cha tabia njema cha mlezi yule kilikuwa safi, na hadi leo ninaamini kitakuwa safi.

Mambo uliyoyasikia yaandike siku hiyo hiyo, pamoja na jina la uliyeongea naye, uyaweke kwenye faili linalofungwa kwa ufunguo. Vyeti na amri za mahakama vikae humo pia, visizunguke kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Na kwa mwalimu, mpe barua yake yenye sharti wiki hii, ili aanze safari ya masijala kabla mahakama hazijaingia likizo.